Chati ya Muungano: Uhusiano Unapopewa Nyota Yake

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kutazama nyota kabla ya ndoa ni jambo la zamani: nyota ya bwana hulinganishwa na ya bibi, kisha mnajimu akasema kama zinapatana au zinagongana. Wanajimu wa Ulaya na Marekani nao walizoea kuweka chati mbili ubavu kwa ubavu. Miaka ya 1970 ikaenea njia nyingine, hasa baada ya Mmarekani Robert Hand kutoa kitabu chake mwaka 1975. Njia hiyo haiulizi kama wawili wanafaana. Hudai kwamba uhusiano wenyewe ni kitu cha tatu, chenye tabia na mwelekeo wake, na kwa hiyo unastahili chati yake. Inaitwa chati ya muungano.

Jua la chati hiyo husemekana kuonyesha uhusiano upo kwa ajili ya nini. Mwezi huonyesha hisia zinazoutawala, na Zuhura namna mapenzi yanavyotolewa. Ndiyo maana wanajimu husema watu wawili wapole wanaweza kuzaa uhusiano wenye vurugu: tabia ni ya uhusiano, si ya mmoja wao.

Hesabu yake ni nyepesi. Duara la nyota 12 lina nyuzi 360, kila nyota nyuzi 30, kuanzia Kondoo. Mnajimu huchukua Jua la mmoja na Jua la mwenzake, akatafuta katikati yake; kisha Mwezi na Mwezi, Zuhura na Zuhura, hadi sayari zote ziishe.

Chukua Charles na Diana wa Uingereza. Charles alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948, Jua likiwa katika Nge, karibu uzi wa 232. Diana alizaliwa tarehe 1 Julai 1961, Jua likiwa katika Kaa, karibu uzi wa 100. Katikati ni 166, yaani nyota ya Mashuke, ambayo wanajimu huihusisha na kazi na utumishi.

Kwenye Mwezi mambo huanza kupinda. Mwezi wa Charles ulikuwa kama uzi wa 30, wa Diana kama 325. Ukijumlisha na kugawanya kwa mbili unapata 177 na nusu, karibu na Jua lao la muungano. Lakini duara lina njia mbili za kutoka nukta moja hadi nyingine, na kanuni inataka katikati ya njia fupi. Hiyo iko upande wa pili kabisa, mwishoni mwa Samaki. Sasa Mwezi unalikabili Jua, na mnajimu husoma mvutano kati ya hisia na wajibu. Kwa waliotengana mwaka 1992 na kupeana talaka mwaka 1996, usomaji huo unavutia. Ila umetokana na kanuni ya njia fupi. Katikati ya njia ndefu ingempa msomaji Jua na Mwezi vilivyo jirani.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa watu ambao siku zao za kuzaliwa zimeachana karibu nusu mwaka. Tuseme mmoja ana Jua uzi wa 0 na Zebaki 345, mwenzake ana Jua 170 na Zebaki 180. Jua lao la muungano ni 85, Zebaki yao ni 262 na nusu: karibu pande mbili za duara. Angani hilo haliwezekani, kwa kuwa Zebaki, ikitazamwa kutoka duniani, haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 28 hivi. Baadhi ya wanajimu huihamishia sayari hiyo upande wa pili. Wengine huiacha ilivyo, wakisema chati ya muungano haikudai kuwa picha ya anga.

Mwingereza Ronald Davison alilikwepa jambo hilo kwa njia nyingine. Alitafuta tarehe iliyo katikati ya kuzaliwa kwa wawili hao, na mahali palipo katikati, akachora anga ya wakati huo. Chati yake ni ya anga iliyokuwepo kweli, lakini mara nyingi sayari zake haziafikiani na zile za chati ya muungano ya watu haohao.

Mwanasosholojia David Voas alipitia sensa ya mwaka 2001 ya Uingereza na Welsi, yenye jozi za wanandoa milioni kama 10, akitafuta kama nyota fulani huoana zaidi. Hakupima chati ya muungano yenyewe. Hata hivyo, Jua la muungano hutokana na Majua mawili tu, hivyo kama lina nguvu juu ya nani anaishi na nani, jozi fulani za nyota zingepaswa kujitokeza zaidi. Wenye nyota moja walionekana kuzidi kidogo. Voas alipofuatilia chanzo, akakikuta kwenye fomu: aliyejaza alikuwa amemwandikia mwenzake tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa.