Ipi Kubwa, 100 au 206? Jibu Liko Kwenye Bendera Nne

Prosesa ya kompyuta haijui namba hasi. Inachokiona ni biti tu, yaani 0 na 1. Chukua baiti yenye biti 11001110. Ukihesabu kuanzia 0 hadi 255, hiyo ni 206. Ukihesabu kuanzia -128 hadi 127, biti hizohizo ni -50. Sasa iulize prosesa: je, 100 ni ndogo kuliko namba hii? Kwa hesabu ya kwanza ni ndogo, kwa ya pili si ndogo. Prosesa haichagui upande. Inatoa mara moja, inaacha alama nne, kisha inamwachia mwandishi wa programu aamue asome zipi.

Tuziangalie alama hizo kwenye 6502, prosesa ya biti nane iliyotoka mwaka 1975 na kutumika kwenye kompyuta za Apple II. Ndani yake mna rejista ya hali, na baadhi ya biti zake huitwa bendera. Bendera ikiwa 1 imepandishwa, ikiwa 0 imeshushwa.

Bendera Z hupanda pale jibu linapokuwa sifuri tupu. Bendera N hunakili biti ya kushoto kabisa ya jibu, ile inayobeba ishara ya hasi.

Bendera C ni ya kubeba, kama ile moja tunayoibeba tukijumlisha kwenye daftari. Jumlisha 200 na 100: jibu ni 300, lakini baiti inaishia 255. Hubaki 44, na ile 1 iliyozidi inaingia C. Kwenye kutoa, 6502 huigeuza maana yake: C ikibaki 1, hapakuwa na haja ya kukopa, ikiwa 0, ilibidi kukopa.

Bendera V ni ya kufurika, na inawahusu wanaotumia namba zenye ishara. Jumlisha 100 na 100. Biti za jibu ni za 200, ambazo kwa hesabu yenye ishara husomeka -56. Namba mbili chanya haziwezi kuzaa hasi, kwa hiyo V inapanda. C haipandi, kwa sababu 200 inaenea kwenye baiti bila tatizo. Ndiyo maana bendera hizi ni mbili: kila moja inalinda mpaka wake.

Turudi kwenye swali letu. Prosesa inatoa 206 kutoka 100. Haitoshi, inakopa 256, na jibu linakuwa 150, yaani 10010110. Z ni 0. N ni 1, maana biti ya kushoto ni 1. C ni 0, kwa sababu ilikopa. V ni 1, kwa sababu 100 kutoa -50 ni 150, nayo imevuka 127.

Anayehesabu bila ishara anatazama C peke yake. Ni 0, basi 100 ni ndogo, na amri `BCC` itaruka. Anayehesabu kwa ishara hawezi kuiamini N peke yake, kwa sababu kufurika kumeipindua ishara ya jibu. Kanuni ni hii: ya kwanza ni ndogo pale N na V zinapotofautiana. Hapa zote ni 1, basi 100 si ndogo kuliko -50. Kila upande umepata jibu lake sahihi kutokana na kutoa kulekule kumoja.

6502 haina amri moja ya kulinganisha N na V, kwa hiyo waandishi wake huandika hivi:

```
  SEC
  LDA #100
  SBC #206
  BVC sawa
  EOR #$80
sawa:
  BMI ndogo
```

`SEC` huipandisha C ili kutoa kuanze bila deni. `BVC` huruka ikiwa hakukuwa na kufurika. Kama kulikuwepo, `EOR` huigeuza biti ya ishara irudi kwenye ukweli, kisha `BMI` huruka ikiwa N ni 1. Prosesa za ARM, zilizojaa kwenye simu zetu, zina amri tayari: `BLT` kwa namba zenye ishara na `BLO` kwa zisizo nayo.

Ukichagua amri isiyofaa, programu haigomi. Inafanya kazi vizuri kwa namba ndogo, kisha inaelekea kusiko pale thamani zinapovuka 127 au kushuka chini ya 0. Ukiona dalili hiyo, kagua amri ya kuruka kabla ya kuilaumu hesabu. Kagua pia kilichoingia katikati: kwenye 6502, hata `LDA` hubadilisha N na Z, kwa hiyo ukipakia namba nyingine kabla ya kuruka, unaamua kwa bendera za namba hiyo. Na ukihamia x86, kumbuka kwamba huko C ikiwa 1 baada ya kutoa, maana yake prosesa ilikopa.