Fakture nimero 119 iko wapi? Juu ya nini ordinatere inaruka manimero

Wandugu, wengi kati yetu, hata tusiosoma informatike, tunajikuta siku moja tunaendesha lojisiyeli ya kuuza. Mwenye alisoma agronomi anasimamia depo ya mbegu, mwenye alisoma ekonomi anashika kesi ya kooperative. Na wote wanakutana na jambo moja: kwenye lisiti ya mafakture, kisha nimero 118 inakuja 120. Hakuna mutu aliyefuta kitu. Baze ya data haijaharibika. Na 119 haiko.

Kwa mwenye duka ni kitu kidogo. Kwa kontroleri wa impo, hapana. Yeye anafikiri hivi: 119 ilikuwa fakture ya kweli, mununuzi alilipa keshi, na mwenye depo aliitupa ili TVA yake ya 16 % isifike kwa serikali. Nimero inayofuatana bila kukatika iliwekwa juu ya hiyo. Ni njia rahisi kabisa ya kuona kama karatasi moja imenyofolewa. Ufaransa, sheria ya kodi inaomba kila fakture ikuwe na nimero ya pekee, inayofuata tarehe na isiyokatika. Kwetu, tangu Kongo iingie katika OHADA mwaka 2012, vitabu vya kontabilite vinatakiwa kushikwa bila nafasi tupu na bila kukwangua. Kwa hiyo tundu kwenye mafakture lazima mutu alieleze, na "ordinatere njo iliruka" ni jibu ambalo kontroleri amekwisha sikia mara nyingi.

Lakini ni kweli, ordinatere njo iliruka. Tuangalie juu ya nini.

Tuseme depo moja ya Lubumbashi inauza mbegu za mahindi na mbolea, iko na wauzaji wawili, na lojisiyeli yake inatumia PostgreSQL. Aliyeitengeneza aliachia baze ijipatie nimero yenyewe. Nyuma ya hiyo nimero kuko kitu kinaitwa sekansi, yaani konteri inayopanda moja kila mara inapoulizwa. Muuzaji wa kwanza anafungua fakture ya mama mwenye kutaka mifuko 4 ya NPK. Sekansi inamupa 119. Wakati uleule muuzaji wa pili anafungua ya papa anayetaka kilo 50 za mbegu, anapata 120. Papa analipa, kazi yake inamalizika kwa `COMMIT`. Mama anaangalia bei, anahesabu franga zake, anasema atarudi kesho. Muuzaji anafuta, na baze inafanya `ROLLBACK`: mistari yote ya mama inatoweka sawa vile haikuandikwa kamwe. Ila sekansi hairudi nyuma. 119 imekwisha kutoka, na haitatoka tena.

Wengi wanaita hiyo kasoro. Haiko kasoro, walioandika PostgreSQL walitaka vile. Fikiri ingekuwa namna gani kama sekansi ingetaka kurudi nyuma. Wakati mama anafikiri, papa angepaswa kungojea ajue kama 119 itabaki au itarudishwa. Kila muuzaji angengojea mwenzake. Sekansi ilitengenezwa ili mutu asimungojee mwingine, na bei ya ule upesi ni matundu. Inaahidi kitu kimoja tu: nimero ile haitapewa watu wawili. Kufuatana haikuahidi hata siku moja.

Matundu yanakuja pia kwa njia nyingine. Umeme ukikatika na serveri ikaanguka vibaya, PostgreSQL ikiamka inaweza kuruka hadi nimero 32 kwa mara moja, juu inaandika kwenye diski mbele kidogo ya pale ilipofikia ili isiandike kila mara. Basi ukiona tundu kubwa kisha usiku wa giza, usitafute mwizi. MySQL nayo, mbele ya versio 8.0, ilikuwa na ugonjwa tofauti: konteri ya InnoDB ilikaa katika memwari tu, na ikizimwa na kuwashwa ilihesabu upya kuanzia nimero kubwa inayobaki. Mutu akifuta fakture ya mwisho kisha akawasha mashine, nimero ile inapewa mununuzi mwingine. Kwangu hiyo ni mbaya kuliko tundu, juu sasa karatasi mbili ziko na nimero moja.

Watu wengi wakigundua hayo wanakimbilia dawa moja: soma nimero kubwa iliyoko, ongeza moja. Mutu mumoja akiwa peke yake, inatembea muzuri. Wawili wakibonyeza pamoja, wote wanasoma 118, wote wanaandika 119. Hiyo dawa inafaulu majaribio yote ya nyumbani na inaanguka siku ya soko.

Dawa ya kweli inaanza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo tunavichanganya. Kuko alama ya ndani, ile baze inatumia kutambua mustari wake. Hiyo iachieni sekansi, iruke namna inataka, hakuna kontroleri atakayeiona. Na kuko nimero ya fakture, ambayo ni kitu cha sheria. Hii inapewa tu wakati fakture inatoka kwa kweli, yaani mununuzi amekubali na karatasi inaenda mukononi mwake. Mbele ya pale, ni bruyon, na bruyon haina nimero. Mama wa NPK angebaki bruyon, akaenda nyumbani, na hakuna kitu kingepotea.

Kisha tunaweka konteri yetu wenyewe, katika tablo ya kawaida, mustari mumoja kwa kila seri. Hapa seri ni depo na mwaka:

```sql
CREATE TABLE konteri (
  seri   text PRIMARY KEY,
  mwisho integer NOT NULL
);
ALTER TABLE fakture ADD UNIQUE (seri, nimero);
```

Mustari wa seri unaandikwa mara moja, mwaka ukianza, na `mwisho` ikiwa 0. Wakati wa kutoa fakture ya papa, ambayo alama yake ya ndani ni 5307:

```sql
BEGIN;
UPDATE konteri SET mwisho = mwisho + 1
 WHERE seri = 'LUB-2025'
RETURNING mwisho;        -- inarudisha 119

UPDATE fakture
   SET seri = 'LUB-2025', nimero = 119,
       tarehe = clock_timestamp()
 WHERE id = 5307 AND nimero IS NULL;
COMMIT;
```

Tofauti na sekansi iko hapa: tablo ya konteri inafuata transaksio. Ikianguka katikati, kwa umeme ao kwa `ROLLBACK`, `mwisho` inarudi 118 pamoja na vingine vyote, na mwenye kufuata atapata 119. Na ule `UPDATE` wa kwanza unafunga mustari wa konteri sawa vile kufuli. Muuzaji wa pili akifika, anangojea hadi wa kwanza amalize, kisha anaona 119 na kuchukua 120. Ni foleni ya mutu mumoja-mumoja, na hakuna ujanja wa kuikwepa. Nimero zisizokatika zinaomba foleni. Mutu akikuuzia lojisiyeli inayotoa nimero bila tundu na bila mutu kungojea, anakudanganya fasi moja.

Mambo matatu katika hizo mistari yanaangusha watu.

La kwanza ni urefu wa foleni. Ile transaksio ikichukua milisekonde 20, depo inaweza kutoa fakture 50 kwa sekonde, na depo gani inauza vile? Lakini mutu akiweka ndani yake kuprinta karatasi ao kutuma ujumbe kwa simu, na hiyo ikachukua sekonde 5, sasa ni fakture 12 kwa dakika kwa depo nzima, na wauzaji wataanza kusema mashine imekufa. Hesabu za bei, TVA na stoki zimalizike mbele. Kuprinta kuje kisha `COMMIT`. Karatasi ikikwama ndani ya mashine, fakture iko tayari katika baze, unaiprinta tena na nimero yake ileile.

La pili ni kubonyeza mara mbili. Muuzaji anaona skrini imechelewa, anabonyeza tena. Mara ya pili konteri inapanda kuwa 120, lakini fakture 5307 iko tayari na nimero, basi `UPDATE` ya pili haigusi mustari hata mumoja na baze inajibu `UPDATE 0`. Programu ikipitisha `COMMIT` hapo, umejitengenezea tundu kwa mukono wako, ndani ya dawa yenyewe. Lazima programu iangalie hiyo hesabu, na ikiona sifuri ifanye `ROLLBACK`.

La tatu ni tarehe. Wengi wanaandika `now()`. Katika PostgreSQL `now()` ni saa ambapo transaksio ilianza, si saa ya sasa. Muuzaji aliyeanza mbele na kungojea kwenye foleni anaweza kupata 120 na saa iliyo mbele ya ile ya 119. Mara nyingi hakuna atakayeona. Lakini ikipita saa sita ya usiku, 120 itabeba tarehe ya jana na 119 ya leo, na sheria ya kufuata tarehe imevunjika. Njo maana niliandika `clock_timestamp()`, na kisha kufuli kupatikana.

Sasa papa anarudi kesho yake na mbegu zake, zimeoza. Fakture 119 haifutwi. Unamutolea avuari, karatasi inayorudisha franga, yenye nimero yake katika seri yake, na inayotaja fakture 119. Mutu mwenye ruhusa ya kufuta mustari katika tablo ya fakture anaweza kuharibu kazi yote hii kwa sekonde moja, basi ondoeni hiyo ruhusa kwenye konti ya programu.

Depo ikiwa na matawi, tuseme Lubumbashi na Likasi, na mutandao unakatika, musijaribu kugawana konteri moja. Kila tawi likuwe na seri yake, `LUB-2025` na `LIK-2025`. Hata sheria ya Ufaransa inaruhusu seri mbalimbali kama namna ya kufanya kazi inaomba vile. Kinachoombwa ni kila seri isikatike ndani yake.

Kuangalia kama kuko tundu ni kazi ya dakika moja, na ni muzuri kuifanya kila mwisho wa mwezi mbele ya kudeklare TVA:

```sql
SELECT iliyotangulia, nimero FROM (
  SELECT nimero,
    lag(nimero) OVER (ORDER BY nimero) AS iliyotangulia
  FROM fakture WHERE seri = 'LUB-2025') t
WHERE nimero <> iliyotangulia + 1;
```

Isiporudisha kitu, katikati ni safi. Lakini haioni kichwa wala mukia: hakikisha nimero ndogo ni 1, na nimero kubwa ni sawa na `mwisho` ya konteri. Mutu akifuta fakture ya mwisho, ni pale tu itaonekana.

Na kama munarizi baze ya zamani yenye matundu, musiyajaze. Kuandika leo fakture 119 yenye tarehe ya mwezi wa tatu ni bongo iliyoandikwa, na kubadilisha nimero za zile zilizofuata kunafanya karatasi walizo nazo wanunuzi zisilingane tena na baze. Achieni tundu vile liko. Andikeni karatasi moja yenye tarehe na sinyatire: nimero gani hazipo, sekansi ya zamani ilifanya kazi namna gani, na siku gani mulibadilisha. Ikae katika klaseri pamoja na mafakture ya mwaka ule.