Tangazo la Ufundi Bila Ada

Nchini Tanzania, mafunzo ya uanagenzi chini ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi yamelenga vijana wa miaka 15 hadi 35, na mara nyingi huchukua miezi 6. Maelezo mafupi chini ya picha ya tangazo yaseme hayo waziwazi. Kwa mfano: “Kijana usiye na ajira, una miaka 15 hadi 35? Jifunze useremala au umeme wa majumbani kwa miezi 6 bila ada. Fomu zipokelewe ofisini kabla ya saa 9:30 alasiri, Ijumaa tarehe 28.”

Neno “zipokelewe” lina uzito: bahasha iliyotumwa Ijumaa hiyo kwa basi huwa imechelewa. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa nayo ndiyo hukwamisha wengi, kwa sababu mwenyekiti hayupo ofisini kila siku. Ukiliona tangazo Jumatatu, anza na barua hiyo, fomu baadaye. Uliza pia nani analipia chakula, malazi na nauli. “Bila ada” haijibu hilo, na wapo wanaoacha mafunzo kwa kukosa nauli tu.