Hesabu ya 85 kwa 15

Leza nyingi za nanomita 850, zinazopeleka data kwenye nyuzi fupi za kioo kati ya kompyuta na kompyuta, zilitengenezwa kwa tabaka jembamba la galiamu asenidi lililobanwa kati ya matabaka mawili yaliyochanganywa na aluminiamu. Tabaka hilo la kati huwa na unene wa nanomita 10 hivi, nalo ndilo linaloitwa kisima cha kwanta.

Katika fuwele za aina hii elektroni hukaa kwenye kanda mbili za nishati zilizotenganishwa na pengo. Elektroni ikirukia ukanda wa juu, huacha nafasi wazi katika ukanda wa chini. Nafasi hiyo huitwa tundu, nayo husafiri kama chembe yenye chaji chanya. Elektroni ikirudi na kulijaza tundu, nishati ya pengo hutoka kama mwanga.

Pengo la galiamu asenidi ni elektronivolti 1.42. Ukiweka aluminiamu mahali pa asilimia 30 ya galiamu, pengo hupanuka hadi 1.80. Kwa hiyo mpakani pana tofauti ya takriban 0.37, na tofauti hiyo hugawanyika: sehemu moja huwa kizingiti cha elektroni katika ukanda wa juu, na iliyobaki huwa kizingiti cha matundu katika ukanda wa chini. Tundu hutafuta kupanda kama povu majini, hivyo kizingiti chake kinaelekea chini. Mgawanyo ndio uliowasumbua wanafizikia kwa miaka kumi.

Chembe iliyofungiwa mahali pembamba hivyo haiwezi kutulia sakafuni kabisa, bali hukaa kwenye ngazi maalumu za nishati. Katika kisima cha nanomita 10, ngazi ya kwanza ya elektroni iko elektronivolti 0.032 juu ya sakafu, na ya tundu zito 0.006 hivi. Jumlisha na pengo, upate 1.46: mwanga wa nanomita 848 badala ya 871 za fuwele nene. Unene peke yake umebadilisha rangi, ingawa jicho haliwezi kuona yoyote kati ya hizo mbili.

Mwaka 1974, katika Maabara za Bell nchini Marekani, Raymond Dingle na wenzake William Wiegmann na Charles Henry waliziona ngazi hizo kwa kupima mwanga unaofyonzwa na visima. Kutokana na vipimo vya aina hiyo, mgawanyo ulikubalika kuwa asilimia 85 kwa elektroni na 15 kwa matundu. Wengi wakautumia bila kuuhoji.

Tatizo ni kwamba kisima chenye kuta wima hakisemi mengi kuhusu kina chake. Ukitumia 85 kwa 15 badala ya 60 kwa 40, ngazi ya elektroni hupanda kidogo na ya tundu hushuka kidogo. Jumla yake hubadilika kwa 0.002 hivi, na ukikosea unene wa kisima kwa safu moja au mbili za atomi, tofauti hiyo yote inamezwa.

Robert Miller, Arthur Gossard na David Kleinman walipata njia nzuri mwaka 1984. Walikuza visima ambavyo aluminiamu yake inaongezeka taratibu kutoka katikati, hata umbo la kisima likawa la bakuli. Humo ngazi zinapishana kwa hatua sawa, na ukubwa wa hatua unategemea moja kwa moja kina cha bakuli. Hesabu ya 85 haikuingia kabisa. Vipimo vya baadaye vilitulia karibu na asilimia 60 hadi 65 kwa elektroni.

Kwa mtengenezaji wa leza hili si jambo dogo. Joto la chumba huipa chembe nishati ya 0.026 hivi. Kizingiti cha tundu cha asilimia 15 kingekuwa 0.055, mara mbili tu ya hiyo, na matundu yangevuja kwa urahisi. Kwa asilimia 40 ni karibu 0.15, yaani mara sita. Uvujaji haujaisha, maana leza ikipata joto sana chembe huruka vizingiti na mwanga wake hupungua. Dalili yake inaweza kuonekana kwenye spektra: mwanga hafifu mwekundu karibu na nanomita 690, unaotoka kwenye kuta zenyewe.

Si kila jozi ya fuwele inakubali kazi hii. Indiamu asenidi ikikutana na galiamu antimonidi, elektroni hubaki upande wa kwanza na matundu upande wa pili. Vizingiti vipo, tena virefu, lakini wahusika wamelala vyumba tofauti na mwanga huwa dhaifu. Jozi hiyo hutumika zaidi kutengeneza vihisi vya mnururisho wa infraredi.