Saa za Cherehani Kabla ya Idi

Fundi cherehani akiulizwa ana kazi ngapi, hutaja idadi ya nguo. Idadi hiyo haimsaidii kupanga, kwa sababu dera moja na gauni moja la mshono havilingani. Kinachohesabika ni saa ambazo cherehani itakuwa inashona.

Tuchukue kibanda chenye cherehani mbili, ovaloki moja, fundi na msaidizi wake. Ramadhani imefika siku ya 22, na daftarini kuna kanzu 12, magauni 6 na madera 9. Kanzu inakula saa mbili, gauni saa nne, dera saa moja. Jumla ni saa 57. Tukikadiria kila cherehani saa sita za kazi kwa siku, maana kuna futari, tarawehe na wateja wanaokuja kuuliza tu, siku tano zinatoa saa 60. Kwenye daftari kazi inaingia. Kibandani umeme ukikatika mara mbili, imeshaharibika.

Kwa hiyo aache siku nzima wazi, abaki na saa 48. Madera, ambayo hayana ugumu, ampe fundi jirani mwenye nafasi kwa malipo ya kila nguo, au awaambie wenyewe mapema kwamba yatatoka baada ya Idi.

Mwezi 22 ni kukata tu. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukauka kabla ya mkasi, la sivyo kitarudi baada ya kufuliwa. Tarehe 23 hadi mchana wa 24 zishonwe sehemu kubwa za magauni, si kanzu. Mafundi wengi huanza na nguo rahisi ili rundo lipungue, na hapo ndipo wanapojifunga: gauni lazima lijaribiwe na mwenyewe, na marekebisho hutaka siku zake. Wenye magauni waitwe tarehe 25, wakati cherehani zinaendelea na kanzu, ambazo humaliziwa mchana wa 26. Jioni yake ni marekebisho.

Kanzu nyeupe zipitishwe ovaloki kwa mkupuo mmoja. Mashine hiyo hutumia nyuzi tatu au nne, na kuzibadilisha kila rangi inapobadilika kunakula muda ambao mteja halipii.

Tarehe 27 ndiyo siku iliyoachwa wazi. Ya 28 ni vifungo, pasi na kukabidhi. Asihesabu siku ya 30, kwani mwezi ukiandama usiku baada ya 29, watu wanaswali Idi asubuhi yake.

Nawe mteja uliyeitwa tarehe 25 kujaribu gauni, nenda siku hiyohiyo. Ukienda 27 unakula akiba ya kila mtu.