Matao na Nailoni ya Kitalu Nyumba: Hesabu Kabla ya Kwenda Dukani

Kitalu nyumba cha matao hujengwa kwa mabomba yaliyopindwa, yakasimamishwa kwa mstari na kufunikwa kwa nailoni. Vipimo vitatu vinatosha kujua vifaa vinavyohitajika: upana wa chini, urefu wa kwenda juu katikati, na urefu wa banda lenyewe. Anayezidisha upana kwa urefu wa banda hupata eneo la sakafu tu, nalo halimwambii lolote kuhusu nailoni, kwa kuwa nailoni hufuata mgongo wa tao.

Chukua banda lenye upana wa mita 6, kimo cha mita 2.4 katikati na urefu wa mita 15. Tao lake ni kipande cha duara, na nusu kipenyo cha duara hilo hupatikana hivi, ambapo U ni upana na K ni kimo:

R = K/2 + U²/(8K)

Jibu ni mita 3.075. Kwa hiyo kitovu cha duara kiko sentimita 67.5 chini ya usawa wa ardhi. Asiyependa hesabu zaidi achore tao lenyewe kwenye uwanja tambarare. Anyooshe mstari wa mita 6 na kutia alama katikati yake, kisha apige kigingi sentimita 67.5 nje ya alama hiyo, upande ambao tao halitakuwepo. Kwa kamba ya mita 3.075 iliyofungwa kwenye kigingi, achore kutoka ncha moja ya mstari hadi nyingine. Akilaza kamba nyingine juu ya mchoro na kuipima, atapata karibu mita 8.3. Mchoro huo huo ndio kipimo cha kupindia mabomba, kwa hiyo usifutwe mapema.

Ncha za tao huingizwa katika vipande vya bomba pana zaidi vilivyopigwa ardhini. Kila ncha ikiingia sentimita 35, bomba zima la tao huwa mita 9. Mabomba ya chuma kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa mita 6, hivyo tao moja hula bomba moja na nusu bila kipande cha kutupa. Hapo ndipo kimo cha mita 2.4 kinaposhinda nusu duara kamili. Nusu duara la upana huo lina mgongo wa mita 9.42, yaani bomba moja na nusu halitoshi hata kabla ya kuingiza ncha.

Matao yakiachana mita 1.5, urefu wa mita 15 una nafasi 10. Lakini matao ni 11, kwa sababu la mwanzo nalo huhesabiwa. Kosa la kununua ya matao 10 ni la kawaida mno. Matao 11 yanahitaji mabomba 16 na nusu, kwa hiyo hununuliwa 17 na nusu moja hubaki. Nusu hiyo, pamoja na mabomba mengine 2, hutoa mita 15 za bomba la mgongoni linaloyafunga matao pamoja. Jumla ni mabomba 19, na vipande 22 vya kupokelea ncha.

Nailoni hupimwa pande mbili. Kwa upana, mgongo wa mita 8.3 huongezewa nusu mita kila upande ya kufukiwa katika mtaro, ikawa mita 9.3; kama dukani kuna ya mita 9 na ya mita 10, inafaa ya mita 10. Kwa urefu, mita 15 huongezewa mita 3 kila mwisho ili nailoni ishuke kufunika mbele na nyuma na bado ifukiwe. Jumla ni mita 21. Mlango hukatwa baadaye. Pwani na kwingineko kwenye joto kali, nailoni ya pembeni iweze kukunjwa juu, na wavu wa kuzuia wadudu uwe nyuma yake.

Nailoni huvutwa siku isiyo na upepo, jua likiwa limeshaipasha moto. Ikifungwa ingali baridi, hutanuka mchana, ikalegea na kupigwapiga na upepo hadi ichanike juu ya bomba.

Kuhusu unene, mizani husema kuliko lebo. Nailoni ya mikroni 200 ina uzito wa takribani gramu 184 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha mita 10 kwa 21 kinapaswa kuwa na kilo 39 hivi. Kikipimwa na kukutwa na kilo 29, hiyo ni nailoni ya mikroni 150, na haistahili bei ya 200.