Mshahara wa Kwenye Picha na Fedha ya Mkononi

Shikeni kalamu. Tuseme kijana wa Dar es Salaam ametumiwa kwa simu picha mbili za skrini, kila moja ikimwitia kazi. Ya kwanza ni shilingi 500,000 kwa mwezi, saa 45 kwa juma, na basi la kampuni. Ya pili ni 560,000, posho ya nauli ikiwa ndani, siku sita, saa 54.

Katika ile ya kwanza, NSSF hukata asilimia 10, yaani 50,000, zabaki 450,000. Kodi haigusi 270,000 za mwanzo. Zile 180,000 zilizozidi hutozwa asilimia 8, yaani 14,400. Mkononi zafika 435,600.

Ya pili, kwa hesabu hiyo hiyo, hutoa 485,280. Msishangilie bado! Mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kwa 600 kila moja, ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 ni 62,400. Zabaki 422,880.

Tena sheria ya kazi ya 2004 yaweka saa 45 za kawaida kwa juma. Zilizozidi hulipwa mara moja na nusu. Je, malipo ya zile saa tisa yamo ndani ya 560,000? Picha haisemi. Aulize, ajibiwe kwa maandishi, kabla hajatia sahihi.